Kodi ikipunguzwa kwa mkopo, je, kaya huiweka akiba? Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Serikali inapunguza kodi leo bila kupunguza matumizi yake. Pengo inaliziba kwa kuuza hati fungani. Je, kaya zitatumia fedha hizo, au zitaziweka zikijua kwamba deni hilo litalipwa kwa kodi zao za kesho? Wanaoshikilia jibu la pili huliita usawa wa Ricardo, kwa jina la mwanauchumi Mwingereza David Ricardo. Kazi yangu ni takwimu za mapato na matumizi ya kaya, na swali hili limenipitia mezani mara nyingi. Hapa naeleza ninavyolishughulikia, pamoja na mahali nilipojikwaa.

Hatua ya 1: Andika dai kwa hesabu kabla ya kugusa takwimu

Tuseme kaya imepunguziwa kodi ya 1,000 mwaka huu. Serikali imekopa hiyo 1,000 kwa riba ya asilimia 5, na mwakani itaitoza kaya hiyohiyo 1,050 ili ilipe deni. Kaya ikinunua hati fungani ya 1,000, mwakani itapokea 1,050, kiasi kilekile inachodaiwa. Imeanzia sifuri na kuishia sifuri.

```
1000 - 1050 / 1.05 = 0
```

Dai lote ndilo hilo. Akiba ya kaya inapanda kwa 1,000, akiba ya serikali inashuka kwa 1,000, na matumizi ya kaya hayatikisiki. Mwanauchumi Robert Barro ndiye aliyelirudisha mjadalani mwaka 1974, akiongeza kwamba hata kama deni litalipwa na watoto, mzazi anayewajali atawaachia urithi mkubwa zaidi ili kufidia. Ricardo mwenyewe, katika insha yake ya mwaka 1820, alipiga hesabu ya vita vya pauni milioni 20: kulipa zote mara moja, au kulipa pauni milioni 1 kila mwaka milele kwa riba ya asilimia 5, thamani ni moja. Kisha akasema walipa kodi hawapigi hesabu hivyo. Yaani jina limebandikwa kwa mtu ambaye hakuamini kwamba watu hutenda hivyo.

Hatua ya 2: Weka wapinzani watatu, si wawili

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanalinganisha kaya inayoweka akiba yote na kaya inayotumia yote, kisha wakiona matumizi yamepanda kidogo tu wanatangaza kwamba Ricardo ameshinda. Kuna kaya ya tatu inayosahauliwa.

Kaya ya kwanza inakumbuka deni: kati ya ile 1,000 inatumia sifuri. Kaya ya pili haina habari na deni, inajiona imetajirika, lakini ina busara ya kusambaza neema hiyo katika maisha yake yote. Ikiwa imebakiza miaka 40 na riba ni asilimia 5, itatumia kama 58 kwa mwaka. Kaya ya tatu huishi kwa kipatacho mkono: inatumia yote 1,000.

Angalia tofauti kati ya ya kwanza na ya pili: sifuri na 58. Katika takwimu halisi za matumizi, zilizojaa kelele za karo, ugonjwa na harusi, huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo punguzo la mara moja, hata likipimwa vizuri namna gani, haliwezi kukuambia kama watu wanalifikiria deni la serikali. Linaweza kukuambia tu kama kaya za aina ya tatu ni nyingi. Ukiona akiba imepanda baada ya punguzo la mara moja, hujathibitisha usawa wa Ricardo. Umeshindwa tu kuukanusha.

Punguzo la kudumu lingewatenganisha wale wawili wa kwanza, kwa sababu kaya ya pili ingetumia karibu lote. Lakini hapo linazuka tatizo jingine. Punguzo la kudumu huwafanya watu wabashiri kwamba serikali itakuja kubana matumizi yake, na kaya yenye ubashiri huo ina haki ya kutumia zaidi bila kuvunja nadharia. Nadharia inazungumzia matumizi ya serikali yasiyobadilika, na kama watu wanaamini hayatabadilika ni jambo lisiloonekana katika takwimu.

Hatua ya 3: Achana na mstari wa taifa zima

Mwanzoni nilichora nakisi ya bajeti na akiba ya sekta binafsi kwenye grafu moja. Mistari ilipanda na kushuka pamoja kama mapacha. Nikaandika rasimu ya kurasa nne kwamba nadharia imethibitika. Aliyeipitia alinirudishia na mlingano mmoja pembeni:

```
S - I = (G - T) + CA
```

S ni akiba binafsi, I ni uwekezaji, G - T ni nakisi ya serikali, CA ni urari wa malipo ya kawaida na nchi za nje. Huu ni mlingano wa kihasibu, lazima uwe kweli wakati wote, watu wawe na akili ya Ricardo au wasiwe nayo. Isitoshe, uchumi ukidorora mapato ya kodi huporomoka na nakisi hupanuka, na wakati huohuo kaya zinazoogopa kupoteza kazi zinabana matumizi. Vyote viwili vimesababishwa na mdororo. Rasimu ile niliitupa.

Hatua ya 4: Tafuta tukio ambalo deni linarudi kwa mtu yuleyule, karibu

Kinga kubwa ya nadharia ni umbali: ukikuta watu wametumia, mtetezi atasema labda hawana watoto, au wanatarajia kufa kabla ya bili kufika. Basi tafuta tukio lisilo na umbali.

Lipo moja, Marekani mwaka 1992. Rais George H. W. Bush aliagiza majedwali ya makato ya kodi ya mshahara yarekebishwe. Kodi yenyewe ya mwaka haikupungua hata senti. Kilichobadilika ni kiasi ambacho mwajiri alikata kila mwezi. Mfanyakazi wa kawaida alibaki na dola 28.80 zaidi kwa mwezi, na mwaka 1993, alipofunga hesabu zake za kodi, marejesho yake, yaani fedha anazorudishiwa kwa kukatwa zaidi, yalipungua kwa kiasi hichohicho.

Iweke mezani kwa mtu mmoja. Kuanzia Machi hadi Desemba ni miezi 10, hivyo mkononi mwake zimepita dola 288. Miezi michache baadaye, marejesho aliyozoea kupata yanapungua dola 288. Hapa hakuna wajukuu wala fumbo la nani atalipa. Kaya ya kwanza na ya pili za hatua ya 2 zote zinapaswa kutumia karibu sifuri, kwa kuwa hakuna aliyetajirika.

Wanauchumi Matthew Shapiro na Joel Slemrod waliwauliza walipa kodi wangezifanyia nini fedha hizo. Asilimia 43 walisema wangetumia sehemu kubwa. Kwangu hii ndiyo pigo zito kuliko yote dhidi ya nadharia, kwa sababu kama karibu nusu ya watu hawafidii deni la mwaka mmoja linalowarudia wenyewe, ni vigumu kudai watafidia deni la miaka 30.

Hatua ya 5: Uliza kwa nini, kwa kuangalia riba ya kaya

Usikimbilie kusema watu ni wajinga. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1, ubadilishe kitu kimoja: kaya hii haikopesheki kwa asilimia 5. Ikitaka mkopo inatozwa asilimia 20.

```
1000 - 1050 / 1.20 = 125
```

Serikali imekopa kwa bei rahisi na kuikopesha kaya kwa bei hiyohiyo. Kaya imepata faida ya 125 kwa thamani ya leo, na kama ilikuwa na shida ya fedha taslimu, kutumia ni uamuzi wenye akili timamu kabisa. Kwa hiyo katika takwimu zako gawa kaya kwa fedha walizo nazo benki na mkononi, si kwa mapato tu. Mtu mwenye nyumba na mshahara mzuri anaweza kufika tarehe 25 akiwa hana kitu. Matumizi yakipanda hasa kwa wasio na fedha taslimu, kizuizi ni mkopo. Yakipanda sawasawa hata kwa wenye akiba nene, hapo ndipo useme deni halifikiriwi.

Na kumbuka: kulipa madeni ni kuweka akiba. Hojaji isiyo na kisanduku cha "nitalipa madeni" itakudanganya.

Hatua ya 6: Pima kwa tofauti ya tarehe, na ujue kipimo kinameza nini

Mwaka 2001 Marekani ilituma hundi za punguzo la kodi za hadi dola 300 kwa mtu mmoja na hadi 600 kwa wanandoa. Hazikutumwa siku moja. Zilipangwa kwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, ambazo ni kama bahati nasibu. Kaya mbili zinazofanana, moja ikapata Julai, nyingine Septemba. Linganisha matumizi yao:

```
dC = a(mwezi) + b * hundi + e
```

dC ni badiliko la matumizi ya kaya, na e ni kelele zinazobaki. Ukipata b = 0.3, kaya imetumia senti 30 katika kila dola. David Johnson, Jonathan Parker na Nicholas Souleles walipata kati ya asilimia 20 na 40 kwa bidhaa zisizodumu katika miezi mitatu ya kupokea hundi, na walioitikia zaidi ni wenye mapato madogo na fedha taslimu kidogo.

Lakini tazama ile a(mwezi). Inafuta chochote kilichozipata kaya zote kwa pamoja. Ikiwa siku punguzo lilipotangazwa kila kaya ilibana kidogo kwa kuogopa deni, kubana huko kumefutwa pia, maana waliopata Julai na waliopata Septemba walisikia tangazo siku moja. Kipimo hiki kinaona mwitikio wa kupokea fedha, hakioni mwitikio wa kusikia habari. Kaya inayofikiria deni isingetikisika siku ya kupokea, kwa hiyo b kubwa inakanusha nadharia kwa kaya hizo. Ila huwezi kuzidisha b kwa jumla ya hundi zote ukasema hiyo ndiyo nyongeza ya matumizi ya taifa.

Tego la pili: kaya ya Septemba inalinganishwa na ya Julai ambayo bado inaendelea kutumia hundi yake. Ulinganisho huo unapotosha b. Wachambuzi waliorudia hesabu za hundi za mwaka 2008 kwa kuziondoa kaya zilizokwisha kupokea kwenye ulinganisho walipata namba ndogo kuliko za awali. Kaya ambazo hazijapata kitu ndizo ziwe kipimo chako cha kulinganishia.

Ninapoandika matokeo sasa, sentensi yangu huwa hivi: "Kati ya kila dola ya hundi, kaya zisizo na fedha taslimu zilitumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu ya kupokea; mwitikio wa tangazo lenyewe haumo katika namba hii." Wahariri huniomba niikate nusu ya pili. Huwa siikati.