Kabla hujaanza kulainisha tangazo lililotafsiriwa na mashine

Tangazo lenyewe lilikuwa la aya moja. Ofisi moja ya huduma ya maji ilikuwa imeliandika kwa Kiingereza, ikalipitisha kwenye mashine ya tafsiri, kisha ikaniletea niliweke sawa. Lilisomeka hivi:

"Tafadhali kumbuka kwamba usambazaji wa maji utaingiliwa kutoka 8:00 asubuhi hadi 4:00 jioni siku ya Jumanne, 14 Oktoba 2026, kutokana na kazi muhimu za matengenezo. Wateja na taasisi zenye mita za zamani lazima kuwasilisha programu ya uingizwaji hakuna baadaye kuliko 30 Oktoba 2026. Salio bora lolote litavutia adhabu ya 5%. Maji yanaweza kubadilika rangi kufuatia kurejeshwa."

Ukilisoma, mikono inawasha. Unataka ufute "salio bora" papo hapo uandike "deni". Subiri kwanza. Makosa yanayochekesha ndiyo mepesi kuliko yote, kwa sababu yanajitangaza yenyewe. Yanayoumiza watu ni yale yaliyovaa Kiswahili kizuri, na hayo huyaoni kwa kusoma tafsiri peke yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na matini asili mkononi. Ukiambiwa haipo, usikubali kazi ya kulainisha. Kubali kazi ya kuuliza. Nikiwa nayo, nachukua karatasi na kuigawa safu mbili. Upande wa kushoto naandika kila taarifa iliyomo kwenye asili, moja kwa kila mstari: siku, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sababu, nani anatakiwa kufanya nini, mwisho lini, adhabu kiasi gani. Upande wa kulia naandika taarifa hiyohiyo jinsi mashine ilivyoitoa. Siandiki sentensi nzima, naandika taarifa tupu. Katika tangazo hili mstari wa adhabu ulibaki na pengo. Asili ilisema asilimia 5 kwa mwezi, lakini tafsiri ikasema 5% tu. "Kwa mwezi" ilikuwa imedondoka, na sentensi iliyobaki haikuonyesha jeraha lolote. Jicho hunasa kilichoandikwa vibaya. Kisichokuwepo hunaswa kwa kulinganisha tu.

Baada ya hapo naingia kwenye saa, na hapa sina haraka hata kidogo. Saa 8:00 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili haipo, maana saa nane ni ya mchana au ya usiku. Vilevile saa 4:00 jioni haipo. Saa ikigombana na kipindi cha siku, ujue mashine imehamisha tarakimu bila kuhamisha hesabu, na dawa yake ni kupunguza au kuongeza saa sita: saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Tatizo ni zile zisizogombana. Tangazo likisema "saa 11:00 asubuhi", watu wengi husema hivyohivyo wakimaanisha kabla jua halijachomoza, kumbe asili ilikusudia saa tano. "Saa 12:00 asubuhi" ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ni saa ya kuamka, ilhali kwenye asili ilikuwa usiku wa manane. Hakuna chochote kwenye sentensi kitakachokushtua. Ndiyo maana nabadilisha saa nikitazama asili, wala sitazami tafsiri, na naweka alama kando ya kila saa niliyokwisha kuibadilisha. Nimewahi kuona tangazo ambamo mtu wa kwanza alibadilisha saa ya kuanza, wa pili akaja akaibadilisha tena, na saa ya kumaliza haikuguswa na yeyote.

Kama kazi inafanyika usiku, ongeza tahadhari moja. "Usiku wa Jumatano" kwa baadhi ya wasomaji ni usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, kwa wengine ni ule unaoufuata. Andika "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano", na mabishano yanaisha.

Sasa siku yenyewe. Tangazo linasema Jumanne, 14 Oktoba 2026. Fungua kalenda: tarehe hiyo ni Jumatano. Nikarudi kwenye asili, nako imeandikwa Jumanne vilevile. Kosa si la mashine, ni la ofisi. Vishawishi viwili hunijia hapa, na vyote vinanitoa kwenye mipaka yangu. Cha kwanza ni kuandika Jumatano na kunyamaza, nikidhani tarehe ndiyo sahihi. Lakini huenda aliyeandika alikuwa na Jumanne kichwani na akakosea tarakimu. Basi maji yatakatika tarehe 13 huku watu wakijiandaa kwa tarehe 14. Cha pili ni kuacha kama ilivyo kwa sababu "ndivyo walivyoandika". Hapo ninajua kuwa kuna kosa na ninalipitisha. Kinachobaki ni kuuliza. Nafungua karatasi ya pili, ya maswali, na hili linakuwa la kwanza: "Tarehe 14 Oktoba 2026 ni Jumatano. Je, iliyokusudiwa ni siku au tarehe?"

Swali la pili lilitoka mahali ambapo wahariri wengi hupita bila kusimama. "Wateja na taasisi zenye mita za zamani." Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo asili ilikuwa na utata usioonekana: je, mita za zamani ni za taasisi peke yake, au za wateja pia? Kiswahili hakikuruhusu kukaa katikati. Ukiandika "zenye", umeziambatanisha na taasisi, na maana yake ni kwamba kila mteja, hata mwenye mita mpya kabisa, anatakiwa kuomba kubadilishiwa. Ukiandika "wenye", umewachukua wote. Mashine ilichagua "zenye" kwa sababu taasisi ndiyo nomino iliyo karibu zaidi. Haikujua kuwa inaamua jambo. Wewe ukilirekebisha kwa kusikiliza masikio yako tu, nawe utakuwa umeamua jambo ambalo si lako. Kwa hiyo kabla ya kulainisha, pitia kila "-enye", kila "amba-" na kila kimilikishi, ujiulize kinamrudia nani na kama asili inasema hivyo kweli. Fanya hivyo pia kwa "yako" na "yenu", maana Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa kundi zima.

Mpaka wa siku nao unataka utulivu. "Hakuna baadaye kuliko 30 Oktoba" haisomeki, na wengi huigeuza kuwa "kabla ya tarehe 30 Oktoba". Inapendeza masikioni, ila imemnyang'anya msomaji siku moja: asili inamruhusu kuwasilisha tarehe 30 yenyewe. Mimi huandika "siku ya mwisho ya kuwasilisha ni tarehe 30 Oktoba 2026". Naepuka pia kugeuza "kuwasilisha" kuwa "kupokelewa", kwa sababu barua inaweza kuwasilishwa leo ikapokelewa kesho kutwa. Kwa umri na viwango ni hivyohivyo: "zaidi ya miaka 18" inamwacha nje mwenye miaka 18 kamili, lakini "miaka 18 au zaidi" inamwingiza.

Kisha nguvu ya agizo. Asili ilisema ni lazima. Lugha ya ofisi kwa Kiswahili inapenda adabu, na kalamu hukimbilia "mnaombwa kuwasilisha". Lakini anayeombwa anaweza kukataa. "Wanatakiwa" au "ni lazima wawasilishe" ndiyo inayobeba uzito wa asili. Upande wa pili kuna "yanaweza kubadilika rangi". "Kuweza" kwetu hubeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja. Hapa ni uwezekano tu, na "huenda" inausema waziwazi.

Kuhusu istilahi sitakaa sana. "Programu" hapa ni maombi, na "salio bora" ni deni ambalo halijalipwa. Mashine ilichukua maana nyingine ya neno lilelile. Ila chagua neno moja kwa kila kitu kimoja, ulishikilie hadi mwisho. Shuleni tulifundishwa kutorudia maneno. Katika tangazo, ukiandika "mteja" mwanzoni na "mtumiaji" mbele kidogo, msomaji ana haki ya kudhani ni watu wawili: anayelipa bili na anayefungua bomba.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika ni kujiwekea katazo la nyongeza. Sentensi ikianza kutiririka, "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza" hujileta yenyewe, kwa kuwa matangazo mengi huishia hivyo. Asili haikuomba radhi. Kuomba radhi ni tendo la ofisi, na kwa baadhi ya ofisi lina maana ya kukiri jambo. Si pambo la kumalizia aya. Hata "itasitishwa kwa muda" ina nyongeza, ingawa ni ndogo. Kama saa zimetajwa, hazihitaji kusaidiwa.

Majibu yalikuja siku ya pili. Tarehe ndiyo sahihi, siku ni Jumatano. Mita za zamani ni za pande zote mbili. Nilitamani kutumia "wenye" peke yake, lakini nikaona heri kurudia kitu kidogo kuliko kumwachia msomaji afumbue. Hivi ndivyo lilivyotoka:

"Mnaarifiwa kuwa huduma ya maji itasitishwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2026, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, kutokana na matengenezo muhimu. Wateja wenye mita za zamani, pamoja na taasisi zenye mita hizo, wanatakiwa kuwasilisha maombi ya kubadilishiwa mita. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ni tarehe 30 Oktoba 2026. Deni lolote ambalo halijalipwa litatozwa adhabu ya asilimia 5 kwa mwezi. Huduma itakaporejea, huenda maji yakabadilika rangi."

Nikalirudisha kwenye ile karatasi ya safu mbili, nikafunika tafsiri ya mashine, na mwenzangu akanisomea asili kwa sauti, taarifa moja baada ya nyingine, huku nikiweka kidole kwenye Kiswahili. Alipofika kwenye mita akasimama, akataka kuona barua ya ofisi yenye jibu la "pande zote mbili", kwa sababu hilo halikuwemo kwenye asili. Nikamwonyesha, tukaibana pamoja na tangazo kwenye faili.