Faili la Mama: Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Siku ya Kliniki

Mama yangu anakaa Kibaigwa, na kliniki yake ya kisukari na presha iko Dodoma mjini. Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025 aliandikiwa arudi baada ya wiki sita, akapewa dawa za siku 30. Hakuna aliyepiga hesabu. Dawa alizoanza kumeza Jumamosi asubuhi ziliisha Jumapili ya tarehe 27 Julai, na siku ya kurudi, tarehe 8 Agosti, ikaangukia Nane Nane.

Mjukuu akatumwa duka la dawa. Akarudi na boksi lenye jina geni, la mg 10. Jumatatu baada ya sikukuu mama akaenda kliniki, akapewa amlodipini, dawa yake ya presha ya siku zote, ya mg 5. Kwa kuwa maboksi hayakufanana, aliona ni dawa mbili, akameza zote. Kumbe zote ni amlodipini: jumla mg 15 kwa siku, wakati kiwango cha juu cha mtu mzima ni mg 10. Miguu ikavimba kwenye vifundo. Kituo cha jirani wakampa dawa ya kupunguza maji, maana hawakujua ya nyuma. Ni daktari wa kliniki aliyesema, "Mama, mwaga maboksi yote hapa mezani."

Faili lilianza siku hiyo. Nilinunua la kawaida la steshenari, lenye mifuko ya nailoni ndani.

Ukurasa wa kwanza ni wa dawa, na ndio wa kuhangaikia kuliko mingine. Usinakili jina kubwa la rangi lililo juu ya boksi. Hilo ni la kiwanda na hubadilika kila ukinunua. Tafuta jina la maandishi madogo chini yake, pamoja na nguvu ya kidonge. Kwa mama mstari mmoja unasomeka hivi: metformini mg 500, kimoja asubuhi na kimoja usiku pamoja na chakula, ya kisukari. Mbele yake kuna tarehe aliyoanza. Ukiona jina dogo lilelile kwenye mistari miwili, usimeze wala usiache kwa kukisia. Piga simu au rudi kwa aliyeandika.

Dawa iliyosimamishwa usiifute. Ichore mstari mmoja ili bado isomeke, kisha andika kwa nini. Mama aliwahi kupewa enalaprili ya presha, akakohoa kikohozi kikavu wiki nzima mpaka ikabadilishwa kuwa losartani. Bila mstari ule, daktari mwingine ataiandika tena kwa nia njema kabisa.

Chini ya orodha hiyo kuna tarehe mbili, ya kurudi kliniki na ya kidonge cha mwisho. Hii ya pili ndiyo watu huisahau. Wiki sita ni siku 42; metformini mbili kwa siku ni vidonge 84. Ukipewa 60, umepungukiwa 24, yaani siku 12. Hesabu ukiwa bado dirishani, si nyumbani, na utazame kalenda kama siku hiyo ni sikukuu.

Majibu ya vipimo yapange kwa tarehe, jipya juu. Ya malaria na mafua ya zamani nimeyatoa, yanaziba tu. Yanayobaki ni sukari, HbA1c ambacho ni kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, figo na moyo, kwa sababu hayo daktari huyatazama kwa mfululizo. Kwenye sukari andika kama alipima kabla ya kula au baada, na kipimo kilitumia namba za aina gani. Siku moja mdogo wangu alinipigia akilia kwamba sukari ya mama imefika 126. Mashine aliyoazima ilikuwa inasoma `mg/dL`, na sisi tumezoea `mmol/L`. Gawanya kwa 18: ni 7.0. Alikuwa hajala, kwa hiyo imepanda kidogo, lakini si ya kukimbizana na bodaboda usiku.

Karatasi laini za kipimo cha moyo na picha za utrasaundi zitolee kopi wiki hiyohiyo. Hazina wino, huchapwa kwa joto, na zikikaa muda mrefu kwenye joto hufifia. Ya kwanza ya mama ilikaa juu ya kabati chini ya bati msimu mzima. Tulipoifungua ilikuwa nyeupe. Sasa faili linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, pamoja na kadi ya bima, na ukurasa wa dawa nimeupiga picha iko kwenye simu zetu watatu.