Somo: Shaka ya kipimo kwenye pendulamu, na pale alama zinapopotea

Naandika hapa mara moja, kwa sababu kila msimu wa mtihani wa vitendo wa fizikia swali ni lilelile: "Mwalimu, ile ± naipataje?" Tutumie pendulamu, tukitafuta g.

1. Pima urefu kuanzia uzi unapobanwa hadi katikati ya gololi. Mfano wetu ni sm 80.0. Rula inasomeka hadi milimita, lakini unasoma ncha mbili, na katikati ya gololi unaikadiria kwa jicho. Andika ± sm 0.2.

2. Ibembeze kwa pembe ndogo, isizidi nyuzi 10.

3. Pima muda wa mibembeo 20, rudia mara tatu, chukua wastani. Sisi tulipata sekunde 35.9. Saa inaonyesha hadi mia ya sekunde, ila kidole hakiwahi hivyo, kwa hiyo andika ± sekunde 0.2.

4. Gawanya kwa 20. T = sekunde 1.795.

5. Shaka ya T. Someni hapa taratibu, maana ndipo nilipoharibu nikiwa kidato cha sita. Niligawanya muda kwa 20, lakini ile 0.2 nikaiacha ilivyo na kuibandika kwenye T. Ukifanya hivyo, 0.2 kwa 1.795 ni asilimia 11, na kwa kuwa T ina kipeo cha pili inakuwa 22. Jibu linatoka 9.8 ± 2.2, kana kwamba hujui kama g ni 8 au 12. Shaka nayo inagawanywa kwa 20, inabaki 0.01. Ndiyo maana tunahesabu mibembeo 20 badala ya mmoja: kidole kinakosea mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, na kosa hilo linagawanywa kwa mibembeo yote.

6. Sasa unganisha:

```
g = 4π²l/T² = 9.80
Δg/g = Δl/l + 2(ΔT/T)
     = 0.0025 + 2(0.0056) = 0.0137
Δg = 9.80 × 0.0137 = 0.13
```

Andika g = (9.8 ± 0.1) m/s². Usiandike 9.802 ± 0.13, shaka ikiwa kwenye desimali ya kwanza, jibu nalo liishie hapo hapo. Ile 2 mbele ya ΔT/T inatokana na kipeo cha T. Wengi huisahau. Wengine huweka alama ya kutoa kwa kuwa T iko chini ya mstari. Shaka hazifutani, zinajumlishwa.

MASWALI

Tabata_PCM: Kwenye vyanzo vya makosa nimeandika "makosa ya kibinadamu". Inatosha?

Mwalimu: Haitoshi. Taja kosa gani, kwenye kipimo kipi, na limesukuma jibu upande upi.

Kijana wa Mbagala: Mkuu tupe fomula tu, maelezo marefu.

Mwalimu: Hatua ya 6. Ukiruka ya 5 utaitumia vibaya.

Neema_K6: Shikamoo mwalimu. Kama nilipima uzi tu nikasahau nusu ya gololi, ile ± inalifunika kosa hilo?

Mwalimu: Marahaba Neema, swali zuri sana. Hailifuniki. Gololi ya kipenyo cha sm 2 inakupunguzia sm 1 kila mara, kwa hiyo utasoma 79 na g itashuka hadi 9.68. Ukirudia mara kumi utapata kosa lilelile mara kumi. Linaonekana kwenye grafu: badilisha urefu mara tano au sita, chora T² dhidi ya l. Mstari utanyooka vizuri lakini hautapita kwenye sifuri. Utakata mhimili wa T² karibu na 0.04. Mteremko hauguswi na kosa hilo, kwa hiyo g inayotoka kwenye mteremko bado ni sahihi. Uking'ang'ania kuupitisha mstari kwenye sifuri, unauharibu mteremko uliokuwa mzima.

Neema_K6: Na nikitaka shaka ipungue, nihangaike na rula au saa?

Mwalimu: Angalia hatua ya 6: muda unachangia 0.0112, urefu 0.0025 tu. Hangaika na muda. Hesabu mibembeo 50 na shaka yote inashuka hadi kama asilimia 0.7.

Baba Zawadi: Mwalimu, mwanangu anapata 10.9 kila akirudia, na vipimo vyake vitatu vinakaribiana kabisa.

Mwalimu: Mzee wangu, msikilize anavyohesabu. Bila shaka anasema "moja" anapobonyeza saa. Hapo amepima mibembeo 19 na kugawanya kwa 20: sekunde 34.1 badala ya 35.9, na g inatoka 10.9. Aanze na "sifuri".

Dada wa Kigamboni: Naongeza: zimeni feni ya maabara. Kwetu gololi ilikuwa inazunguka duara badala ya kwenda na kurudi.

Mwalimu: Kweli dada. Na kama joto halivumiliki, feni iwashwe mkiwa mnachora grafu.