Kipimo kikisema "chanya", hesabu vichwa kwanza

Jamani, kipimo kunasa wagonjwa 9 katika 10 si sawa na kusema aliyepata chanya ana uwezekano wa 90% kuwa mgonjwa. Usiigeuze sentensi kabla ya kuhesabu vichwa.

Tuseme wamepimwa watu 1,000 sokoni Kongowea, na wagonjwa ni 10. Kipimo kinanasa 9. Lakini kikiwa kinamsingizia mzima 1 katika 10, basi kati ya wazima 990 watasingiziwa 99. Jumla ya chanya ni 108, wagonjwa wa kweli 9 tu: kama 8%. Ndiyo maana aliyepata chanya hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine.

Wakipimwa wenye dalili pekee, tuseme wagonjwa 300 katika 1,000, kipimo kile kile kinatoa chanya 270 za kweli na 70 za uongo, yaani karibu 79%.