Zima WPS, kisha hakikisha imezimika kweli

Unaweza kuweka nenosiri la Wi-Fi lenye herufi ishirini, lakini kama WPS iko wazi, mvamizi halazimiki hata kulibahatisha. WPS ilianza 2006 ili mtu aunganishe kifaa bila kuandika nenosiri: kwa kubonyeza kitufe, au kwa pini ya tarakimu 8 iliyobandikwa kwenye ruta. Kitufe hufungua mlango kwa dakika 2 tu. Pini ndiyo balaa.

Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na saba zilizotangulia, na ruta hukagua pini vipande viwili: nne za kwanza, kisha tatu. Hivyo majaribio hayazidi 10,000 jumlisha 1,000, yaani 11,000. Mtafiti wa usalama Stefan Viehböck aliuanika udhaifu huu Desemba 2011. Pini ikipatikana, ruta humkabidhi mvamizi nenosiri lenyewe. Ukilibadilisha kesho, pini ileile itampa jipya. Hata asipofaulu, majaribio mfululizo huzielemea baadhi ya ruta mpaka zinaganda au kujiwasha upya, na wewe unadhani mtandao ni mbovu.

Hatua ya 1. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (mara nyingi `192.168.1.1` au `192.168.0.1`), uingie.

Hatua ya 2. Nenda `Wireless`, tafuta `WPS`, uzime. Kama kuna sehemu ya `PIN` peke yake, izime nayo. Fanya hivyo kwa mawimbi ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, kwa sababu ruta nyingine huzitenganisha. Hifadhi, washa ruta upya.

Hatua ya 3. Usiamini ukurasa wa ruta. Sikiliza inachotangaza hewani. Kwenye kompyuta ya Linux:

```
sudo iw dev wlan0 scan | grep -E "^BSS|SSID:|WPS:|AP setup locked"
```

Weka jina la kadi yako ya Wi-Fi badala ya `wlan0`. Tafuta jina la mtandao wako: ukiona `WPS:` chini yake, bado iko hewani. `AP setup locked: 0x01` isikutulize, maana inasema pini imefungwa kwa sasa, na ruta nyingi huifungua tena zenyewe. Ikikataa kuondoka, sasisha programu ya ruta. Ikibaki hata hapo, mimi ningebadilisha ruta.

Hatua ya 4. Sasa ndipo ubadilishe nenosiri. Kulibadilisha kabla ya kuzima pini ni kazi bure.

Gharama ipo: printa isiyo na skrini iliyozoea kitufe huenda ikabidi uisanidi kwa waya.

Ukiwa humo, zima `UPnP` pia. Inaruhusu programu yoyote ndani ya mtandao, hata kirusi, kufungua tundu la kuingilia kutoka nje bila kukuuliza. Mchezo au kamera ikilalamika, fungua tundu hilo moja kwa mkono.

`Smart Connect`, inayoweka 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja, si suala la usalama. Ila kama simu inakatikakatika ukiwa umekaa palepale, tenganisha majina ya 2.4 na 5 GHz, uone kama ruta ndiyo iliyokuwa ikiisukuma huku na huku.