Somo: Picha ikigoma kwenye projekta, isomeshe kwa maneno

Umewasha projekta, darasa limetulia, na mahali pa picha kumetokea kisanduku cheupe chenye alama nyekundu ya X. Mara nyingi sababu ni moja: picha haikuhifadhiwa ndani ya faili la somo. Iliunganishwa tu na faili jingine lililobaki kwenye kompyuta ya nyumbani, nawe ukabeba la somo peke yake kwenye flashi. Usihangaike nayo zaidi ya dakika 2. Kipindi cha dakika 40 kinatosha kabisa kufundisha maelezo ya picha bila picha, na kwa uandishi wa wanafunzi njia hii ina faida ambayo picha ukutani haina. Mwanafunzi anayeiona picha akiandika "kuna mtu na kitu", macho yake yanajaza kilichopungua. Asiyeiona ana maneno tu, na pengo linajitokeza papo hapo.

Mfano wetu ni Nembo ya Taifa ya Tanzania, ile inayoitwa pia Bibi na Bwana. Nimeichagua kwa sababu baada ya zoezi huhitaji projekta kusahihisha: ipo kwenye vitabu vya uraia na kwenye kuta za ofisi za serikali.

Hatua ya 1: Fremu (dakika 4). Kila mwanafunzi achore mraba wa sentimita 12 kila upande, kisha augawe kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo. Atapata vyumba 9, kila kimoja sentimita 4 kwa 4. Kubalianeni jambo moja kabla ya kuendelea: kushoto ni kushoto kwa anayetazama picha, si kwa mtu aliyemo ndani yake. Msipokubaliana, nusu ya darasa itamweka bwana upande wa pili, na hapo sentensi haina kosa wala mchoraji hana kosa.

Hatua ya 2: Soma maelezo mabovu kwanza (dakika 6). Soma haya, wao wachore:

"Kuna mwanamume na mwanamke. Wanashika ngao. Chini kuna mimea. Kwenye ngao kuna vitu vingi."

Zunguka uangalie. Wengine watamchora bwana kulia. Wengine watachora ngao imeinuliwa juu ya vichwa, kwa sababu "wanashika" haikusema wanaishika vipi, wala wapi. Mimea itakuwa nyasi. Usimsahihishe mtu yeyote, maana michoro hii ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya 3: Soma maelezo yaliyopimwa (dakika 12). Soma mara ya kwanza wakiwa wameweka penseli chini, mara ya pili polepole wakichora kwenye fremu mpya:

"Katikati ya picha imesimama ngao ndefu, imeshika vyumba vya safu ya kati. Kushoto kwake amesimama mwanamume, kulia amesimama mwanamke. Kila mmoja ameshika pembe ya ndovu iliyopinda kandokando ya ngao. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Ngao ina sehemu 4 zilizopangwa kutoka juu kwenda chini: ya kwanza ni ya rangi ya dhahabu na ina mwenge unaowaka; ya pili ni bendera ya taifa; ya tatu ni nyekundu; ya nne ina mawimbi ya buluu na meupe. Kwenye ngao kuna mkuki uliosimama wima, pamoja na shoka na jembe vilivyopishana. Chini kuna utepe wenye maneno UHURU NA UMOJA, na watu hao wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro."

Angalia mpangilio: kikubwa cha katikati kwanza, kisha pembeni, kisha miguuni, ndipo tukaingia ndani ya ngao kutoka juu kwenda chini. Macho ya msomaji hayakurushwa huku na huko. Maana ya karafuu au mwenge haikutajwa kabisa, kwa kuwa maana huja baada ya umbo.

Hatua ya 4: Tafuta sentensi yenye kosa (dakika 8). Wanafunzi 5 walinganishe michoro. Kama mmoja tu amekosea, huenda hakusikiliza. Kama 3 au zaidi wamekosea mahali pamoja, sentensi ndiyo mbovu, na kundi liiandike upya.

Hapa ndipo sarufi inapojifundisha. Kosa linalojirudia mno ni "anasimama", "anashika", "anavaa" kwa mtu aliye katika hali hiyo tayari. "Anavaa kilemba" ni mtu ambaye mikono yake bado inazungusha kitambaa kichwani. "Amevaa kilemba" ni mtu ambaye kilemba kimeshakaa. Picha tulivu imejaa -me-. Weka -na- pale tu ambapo jambo linaendelea kweli, kama mwenge unaowaka.

Hatua ya 5: Waandike wenyewe (dakika 10). Kila mmoja apewe kipande cha kalenda ya zamani au gazeti, aandike sentensi 8 za mambo yanayochoreka tu, mwenzake achore bila kuona.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wanafunzi wangu wanaijua nembo hiyo. Si watachora kwa kumbukumbu?*
Baadhi yao, ndiyo, na ndiyo maana haifai kuwa kipimo cha mwisho. Inafaa kwa kuonyesha njia. Kipimo ni hatua ya 5, kwa picha ambayo mchoraji hajawahi kuiona. Hata hivyo utaona wengi wanakumbuka bibi na bwana lakini wanasahau mmea upi uko miguuni pa nani.

*Nina watoto 90, watatu watatu kwenye dawati.*
Dawati moja, karatasi moja. Mmoja anasoma, wa pili anachora, wa tatu anaandika kila swali ambalo mchoraji amelazimika kuuliza. Maswali hayo ndiyo orodha ya yaliyokosekana. Kisha wabadilishane kazi. Itakubidi utumie vipindi viwili.

*Nikikataza kila kisichochoreka, insha hazitakauka? Tashbihi ziende wapi?*
Tashbihi zibaki, ila zipimwe kwa penseli ileile. "Pembe imepinda kama mwezi mwandamo" inachoreka, na inaeleza umbo kwa haraka kuliko sentensi mbili. "Mzuri kama malaika" haimpi mchoraji hata mstari mmoja. Vivyo hivyo hisia: badala ya "ana huzuni", mwanafunzi aandike "ameinamisha kichwa, kiganja kimeshika shavu". Akishaandika hivyo, anaweza kuongeza huzuni kama dhana yake: "huenda amepata habari mbaya". Neno "huenda" ni la lazima hapo, kwa sababu linatenga alichokiona na alichokikisia.

*Nitoe alama vipi? Wapo wasiojua kuchora.*
Usitoe alama kwa mchoro hata kidogo. Mpe alama mwandishi: kwenye 10, 4 za mahali (nini kiko wapi), 3 za mpangilio, 3 za upatanisho wa kisarufi na njeo. Mtu wa vijiti na duara vinatosha kuonyesha kama mwanamume yuko kushoto.

*Picha ikirudi katikati ya kipindi, niionyeshe?*
Subiri hatua ya 4 iishe. Ukiionyesha mapema wataanza kusahihisha michoro badala ya sentensi.