Tundu la pini ya tepa: kupata biti na rima ukianzia ncha nyembamba

Juzi kijana mmoja aliniletea mashine ya kukamua miwa. Pini inayoshika gia kwenye shafti ilikuwa inatoka kila baada ya siku mbili tatu. Anaipiga nyundo, inakaza, kesho yake inacheza tena. Nilipoitoa nikaona ina alama ya kusuguliwa upande mnene tu, huku nusu nyembamba inang'aa kama imetoka dukani. Nikajua papo hapo alitoboa kwa biti moja ya kati, maana kosa hilo nami nililifanya zamani na likanila siku nzima.

Vipimo vyake ndivyo nitakavyotumia hapa: shafti ya milimita 25, habu ya gia, yaani kitovu chake kinachovaa shafti, yenye kipenyo cha 48, na pini ya tepa ya 6 × 50.

Hatua ya 1: Jua pini yako ni ya aina gani

Pini ya milimita hutajwa kwa ncha yake nyembamba, na tepa yake ni 1:50. Yaani ukienda milimita 50 kwa urefu, kipenyo kinaongezeka milimita 1. Pini za inchi za mashine za zamani huitwa kwa namba, namba hiyo hufuata ncha nene, na tepa yake ni 1:48. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Weka alama mbili kwenye pini, zikiachana milimita 40, kisha pima kipenyo kwenye kila alama kwa mikromita. Tofauti ikiwa 0.80 ni 1:50, ikiwa 0.83 ni 1:48. Vernia usiitumie hapa, haitakuonyesha tofauti ya milimita 0.03 kwa uhakika. Rima, kile kifaa cha meno kinachopanua tundu lifuate tepa ya pini, ikiwa ya tepa moja na pini ya tepa nyingine, tundu na pini vitagusana mwisho mmoja tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu

```
kipenyo = d + x / 50
x = (kipenyo - d) * 50
```

Hapa d ni ncha nyembamba, na x ni umbali kutoka kwenye ncha hiyo. Pini ina 50 na habu ina 48, kwa hiyo naiacha ichomoze milimita 1 kila upande. Chini ya habu x ni 1, kipenyo 6.02. Juu ya habu x ni 49, kipenyo 6.98.

Hatua ya 3: Chagua biti

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kijana aliona 6 upande mmoja na 7 upande wa pili, akachukua 6.5, akatoboa hadi upande wa pili. Rudi kwenye hesabu: pini inafikia 6.5 ikiwa x ni 25. Chini ya hapo tundu ni pana kuliko pini, na rima inapita bila kugusa chochote. Kwa hiyo pini ilishikwa na ukuta wa juu wa habu na nusu ya juu ya shafti. Ukuta wa chini haukushika kitu. Mzigo wote ukapita upande mmoja, pini ikawa inayumba kidogo kila mzunguko mpaka ikalegea. Nyundo haiwezi kurekebisha hilo.

Biti ya kupita tundu lote inatoka kwenye ncha nyembamba, si penginepo. Natumia 5.8. Kwa nini si 5.9? Kwa sababu biti karibu zote hutoboa tundu pana kidogo kuliko jina lake, hasa ikiwa umeinoa kwa mkono na mdomo mmoja ukazidi mwingine. Toboa kwanza kipande cha chuma chakavu, upime tundu.

Ukiishia na 5.8 peke yake, rima itabidi iondoe karibu milimita 1.2 upande wa juu. Inawezekana, ila rima ndogo namna hiyo hubana, hulia, na mara nyingine hukatika ndani. Ndiyo maana napanua kwa ngazi, nikiacha angalau 0.1 ya kuliwa na rima.

Biti ya 6.2 isimame pale ambapo pini ina 6.3. Hapo x ni 15, yaani milimita 14 kutoka chini ya habu, kwa hiyo kina kutoka juu ni 34. Biti ya 6.5 isimame pale pini ilipo na 6.6. Hapo x ni 30, milimita 29 kutoka chini, na kina kutoka juu ni 19.

Sasa angalia sifuri ya kina. Ncha ya biti inazama ndani ya tundu la 5.8 ambalo tayari lipo, kwa hiyo usihesabu kuanzia ncha. Shusha biti mpaka kona zake za kukata ziguse mdomo wa tundu, hapo ndipo sifuri, halafu funga kizuizi cha drili. Ukihesabu kuanzia ncha, ngazi zitaishia juu karibu milimita 2. Hilo si hatari, rima itafanya kazi zaidi tu. Kuzidisha kina ndiko kunakoharibu, kwa kuwa mfereji wa ngazi unabaki ukutani na rima haiufikii.

Toboa habu na shafti vikiwa pamoja mahali pake, kwenye drili ya kusimama. Drili ya mkono kwa kazi hii siikubali.

Hatua ya 4: Piga rima

Rima ya 6 ya tepa 1:50, kwa mkono, mafuta ya kutosha, unazungusha kulia tu hata unapoitoa. Ya kwangu ina 5.9 kwenye ncha na 8.0 mwisho wa meno, pima yako. Ikifika kipimo, milimita 6 hivi zitatokeza chini ya habu, kwa hiyo acha nafasi.

Kila milimita 1 rima inayozidi kushuka inapanua tundu kwa 0.02. Safisha, jaribu pini kwa kidole gumba, endelea kidogo kidogo. Kwa pini hii naacha milimita 3 hadi 4 za kuingizwa kwa nyundo. Pini ipake wino wa buluu, isukume, itoe. Buluu iguse tundu juu na chini. Ikigusa juu tu, rudi hatua ya 3.

Ikiwa tundu limeshapita 6.5

Gia ya kijana hatukuitupa. Tulichukua pini ya 6 × 80 na kukata milimita 30 kwenye ncha nyembamba. Kilichobaki kina urefu wa 50 na kinaanza na 6 + 30/50, yaani 6.6. Chini ya habu ni 6.62, juu ni 7.58, na rima ile ile ya 6 inafika kote. Lile tundu la 6.5 sasa likawa ndiyo biti sahihi ya kuanzia. Juu nililipanua kwa 7.0 hadi kina cha 24. Rima ilitokeza chini milimita 36, ikabidi ninyanyue bloku ya V kwa vipande viwili vya chuma. Kwa shafti ya 25 sipendi pini izidi theluthi, ambayo ni 8.3, hivyo 7.58 bado imo. Buluu iligusa pande zote mbili kwa jaribio la tatu.